Asali nyepesi, imeganda au inatoa povu: kabla hujasema imechakachuliwa, ipime kwanza

Tuanze na zile testi za mtaani maana ndo zinazoharibu mambo. Kuna ile ya kudondosha asali kwenye glasi ya maji, eti ikizama mpaka chini bila kuchanganyika basi ni orijino. Kuna ya njiti ya kiberiti, unachovya kichwa chake kwenye asali halafu unakwangua, ikiwaka unaambiwa nunua. Na kuna ya sisimizi, kwamba asali halisi hawaigusi.

Zote tatu haziko sawa. Asali inazama kwenye maji kwasababu ni nzito kuliko maji, lakini hata shira ya sukari ni nzito kuliko maji na ikiwa imepikwa ikakolea inazama vilevile mpaka chini, inatulia pale kama asali. Njiti ya kiberiti inapima kama kuna maji ya kulowesha baruti basi, kwaiyo shira nzito itawaka na asali halisi iliyorinwa ikiwa changa inaweza ikakataa. Sisimizi ndo kabisa, muulize mfugaji yeyote wa nyuki kwanini anapaka grisi kwenye waya wa kuning'inizia mizinga, atakwambia ni sisimizi hao hao wanaoingia kula asali.

Sasa hapa naongelea asali zetu za huku Kusini, za Liwale, Nachingwea, Nanyumbu na kwingine kwenye misitu ya miombo, nyingi zinauzwa kwenye chupa za maji za lita moja au za lita moja na nusu bila lebo yoyote, na chache ndo zipo dukani zikiwa na lebo. Nitaenda kwa dalili, maana mtu hasemi "asali yangu imeongezwa sukari", anasema "mbona nyepesi" au "mbona imeganda".

Asali ni nyepesi, inamwagika kama maji ya matunda

Hii ndo lalamiko namba moja na ina sababu nne tofauti, tatu kati ya hizo hazina utapeli wowote.

Ya kwanza ni joto. Mchana wa Mtwara kiangazi asali yoyote inalegea, ukiimwaga saa nane mchana na ukiimwaga alfajiri utadhani ni asali mbili. Weka kijiko kadhaa kwenye kikombe ndani ya friji lisaa limoja hivi halafu angalia, asali nzuri inakuwa nzito inavutika, hapo ujue lilikuwa ni joto tu.

Ya pili, imerinwa kabla haijaiva. Nyuki wanaleta maji matamu ya maua, wanayapunguza maji wenyewe kwa kupiga mbawa, wakishaona imekolea wanaziba vitundu vya sega kwa nta. Mrinaji mwenye subira anachukua masega yaliyozibwa, mwenye haraka anakamua yote pamoja na yale ambayo bado yako wazi, na hapo maji yanazidi. Kiwango kinachokubalika kwenye viwango vya kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. Pia asali inavuta unyevu kutoka hewani, kwaiyo ndoo iliyoachwa wazi kwa hewa yetu hii ya pwani inaharibika kwa juu hata kama ilitoka porini ikiwa vizuri.

Ya tatu, ni asali ya nyuki wadogo wasiouma. Hii kwa asili yake ni nyepesi na ina uchachu fulani hivi, na ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa. Watu wanaimwaga wakisema feki wakati bei yake huwa iko juu kuliko ile ya kawaida. Kwaiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe "kaka hii ya nyuki gani?"

Ya nne ndo imechanganywa, ama maji, ama shira ya sukari.

Sasa utazitenganisha vipi? Kwa mizani. Asali iliyoiva uzito wake ni kama mara 1.4 ya maji, yani chupa inayobeba lita moja ya maji ambayo ni kilo moja, ukijaza asali inatakiwa iwe na kilo moja na gramu mia nne au zaidi kidogo. Na hapa ndo kuna kitu kizuri ambacho wachakachuaji wengi wa mtaani hawakijui: sukari ya dukani ina kikomo cha kuyeyuka. Kwa joto la huku kwetu maji yakishabeba sukari kama theluthi mbili ya uzito wote basi, ukizidisha inakubali ikiwa ya moto lakini ikipoa ile ya ziada inarudi kuwa chenga chini ya chupa. Shira iliyofika kwenye kikomo hicho uzito wake ni kama 1.33 tu. Kwaiyo anayetumia sukari na maji peke yake anabanwa pande zote, akiacha isigande inakuwa nyepesi kwenye mizani, akitaka iwe nzito kama asali inamgandia chenga.

Namna ya kupima, fuata huu mpangilio maana ukianza na maji utailowesha chupa na kuharibu kila kitu. Acha chupa itulie usiku mzima ili mapovu yapande juu. Chora mstari kwa kalamu ya maka pale asali ilipoishia, iwe sehemu ya shingo ambapo ni nyembamba, maana kosa dogo la mstari kwenye sehemu pana linakupa gramu nyingi za uongo. Pima chupa na asali yake bila kifuniko. Mimina asali kwenye jagi, osha chupa kwa maji ya vuguvugu, jaza maji safi mpaka mstari ule ule, pima tena. Mwaga, kausha vizuri, pima chupa tupu. Uzito wa asali gawanya kwa uzito wa maji, jibu ndo hilo. Mizani ya jikoni ya digitali inatosha, kama huna muombe mwenye duka wa mchele akupimie, ile inayoruka gramu tano tano haina shida kwa chupa ya lita, ila kwa kichupa cha robo itakudanganya.

Mfano halisi ni chupa ya wifi yangu. Alikuwa anatoka Dar kwa basi, pale Nangurukuru wachuuzi wakaja dirishani akanunua chupa ya lita moja, kafika Mtwara kaidondosha kwenye glasi ikazama vizuri akafurahi, lakini mumewe anasema haina ladha ya asali ni utamu tu. Tukaipima. Chupa na asali gramu 1,375. Chupa na maji mpaka mstari ule ule gramu 1,040. Chupa tupu gramu 30. Kwaiyo asali 1,345, maji 1,010, ukigawanya unapata 1.33. Tukachukua asali ya Liwale niliyokuwa nayo ndani, ambayo namjua aliyeirina, tukaijaza kwenye chupa ile ile mpaka mstari ule ule, ikatoka gramu 1,465, toa 30 ni 1,435, gawanya kwa 1,010 ni 1.42.

Wifi akauliza, "Sasa wifi mbona ilizama?"

Nikamwambia hata shira ya kaimati inazama, ajaribu.

Lakini ngoja, 1.33 peke yake haijasema ni sukari. Asali halisi yenye maji mengi sana nayo ingeweza kufika hapo. Tofauti inakuja kwenye muda. Asali iliyo na maji kiasi hicho, theluthi nzima, kwa joto hili isingekaa kimya, ingeshaanza kuchacha na kutoa povu, na ile ya nyuki wadogo ingekuwa na uchachu wake na harufu yake. Chupa ya wifi ilishakaa wiki kadhaa kabatini, haina povu, haina uchachu hata chembe, harufu hamna. Kitu chenye maji mengi hivyo ambacho hakichachi wala hakina uchachu, na uzito wake umeangukia pale pale kwenye kikomo cha shira, mimi nasema ni shira, labda na asali kidogo ya kuipa rangi. Mahakamani siwezi kwenda na hiyo lakini kwa jikoni inatosha.

Kuyasoma majibu ni hivi. Kuanzia 1.40 kwenda juu, uzito hauna tatizo. Chini ya 1.35 kuna maji au shira, isipokuwa kama ni ya nyuki wadogo. Katikati pale, 1.35 mpaka 1.39, ndo panasumbua, maana asali changa inaangukia hapo na mchanganyiko wa nusu asali nusu shira nao unaangukia hapo hapo. Hapo mizani haiwezi kukuamulia, usimwite mtu mwizi kwa hiyo namba.

Na kuna mchakachuaji ambaye mizani haimshiki. Kina mama wanaopika kaimati wanajua, ukitaka shira isigande unaikamulia ndimu wakati inachemka. Ile ndimu inaivunja sukari kuwa zile sukari mbili ambazo ndo zipo kwenye asali pia, ikishavunjika inakubali kukolea zaidi bila kurudi kuwa chenga, kwaiyo mtu akipika vizuri anafika 1.40 bila shida. Shira ya glukosi inayotumika kwenye viwanda vya pipi nayo ni nzito hivyo hivyo. Kwaiyo mizani ikisema mbaya, ni mbaya, ila ikisema nzuri maana yake ni kwamba haijaongezwa maji, basi.

Asali imeganda

Hapa watu wanakosea upande wa pili. Kuganda siyo dalili ya sukari. Asali yenyewe ni sukari tupu na maji kidogo, na ile glukosi iliyomo ikizidi inajitenga na kuwa punje, inategemea nyuki walitembelea maua gani. Baridi ndo inaharakisha, kwaiyo asali ile ile ya Liwale ikikaa Lindi mjini inaweza kubaki maji miezi na miezi, ukimtumia ndugu yako Makambako anakupigia simu kwamba umemtumia sukari. Na ukiiweka kwenye friji umeigandisha mwenyewe.

Cha kuangalia ni punje zenyewe. Chukua kidogo kwa kijiko weka kati ya ulimi na kaakaa. Asali iliyoganda mara nyingi ni laini kama samli iliyoshika, inayeyuka mdomoni. Sukari iliyorudi kuwa chenga ni ngumu, ina kona kona, inakwaruza kwenye meno, na huwa imejishika chini ya chupa kama kokoto huku juu kukiwa na maji mepesi yanayocheza. Halafu chovya chupa kwenye maji ya moto ambayo mkono unavumilia, badilisha maji yakipoa. Asali itarudi taratibu kuwa maji yote, zile chenga za sukari zitang'ang'ania sana.

Ila asali nyingine ikiganda polepole nayo inatoa punje kubwa, kwaiyo hii isisimame yenyewe. Iunganishe na mizani: chenga ngumu chini na uzito wa 1.33 juu, hapo vinashikana mkono.

Usiichemshe kwenye sufuria kujaribu kuirudisha. Unaua harufu na rangi inakuwa nyeusi, halafu unakuja kulalamika tena kwamba inanuka kuungua.

Inatoa povu, chupa imevimba, ukifungua inapiga "tsii"

Hii ni kuchacha, hamira za asili zinakula sukari zinatoa gesi na kilevi kidogo, utasikia harufu kama ya togwa iliyopitiliza. Sababu ni maji mengi, yani tunarudi kule kule kwenye kurina changa au ndoo iliyokaa wazi au mtu kaongeza maji. Povu jembamba jeupe la juu siku ya kwanza baada ya kumimina ni hewa tu na vipande vya nta, linatulia lenyewe. Linalorudi kila siku ndo la kuchacha.

Kwa uzoefu wangu ikichacha mara nyingi ni asali kweli, imerinwa vibaya. Shira iliyokolea vizuri haichachi kirahisi. Kwaiyo aliyeuziwa asali ya povu kauziwa mali mbovu, ana haki ya kulalamika, lakini lalamiko lake siyo "umeweka sukari". Fungulia kifuniko kidogo, usiiache imekazwa kwenye chupa ya kioo.

Ni nyeusi, inanuka moshi

Asali ya miombo nyingi yake ni ya kahawia mpaka nyeusi, hiyo ni maua. Moshi unatoka kwa mrinaji aliyetumia mwenge badala ya bomba la moshi. Ladha ya kuungua ni mtu kayeyusha masega jikoni ili nta itoke haraka. Inayotia shaka ni nyeusi yenye harufu ya sukari guru. Pasha kijiko kimoja kidogo tu unuse, sukari guru ina harufu ya muwa uliopikwa, haijifichi. Vipande vya nta au nyuki mmoja amekufa ndani ya chupa siyo ushahidi, vinawekwa.

Yenye lebo: soma hivi

Anza na jina la bidhaa, lile dogo siyo lile kubwa. Kama mbele kuna picha ya mzinga lakini nyuma kwenye viambato kuna glukosi, sukari, "ladha ya asali" au rangi, basi hiyo siyo asali na wala hawajakudanganya, wameandika. Asali haina kiambato kingine chochote, ni asali.

Kinachofuata ni uzito na ujazo, na hapa lebo inajichongea yenyewe. Gramu 500 za asali zinakaa kwenye kama mililita 350. Kwaiyo kichupa kilichoandikwa 500 g kionekane kidogo kuliko chupa ya maji ya nusu lita. Ukikuta imeandikwa "1 L (1 kg)", ama mwenye lebo hakuwahi kuweka asali yake kwenye mizani, ama aliiweka na ndo uzito aliopata. Pima nyumbani, inachukua dakika chache, uzito wa chupa tupu ya kioo utaupata ukishaimimina asali.

Halafu jina na anwani ya mzalishaji inayoeleweka, namba ya bechi, tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi. Ukikuta namba ya usajili ya TFDA peke yake, ujue kazi ya kusajili chakula ilihamia TBS tangu 2019 na TFDA yenyewe ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba, kwaiyo leo lebo ya hivyo ni ya zamani au imenakiliwa kwa mtu. Msimbo wa mistari wenye namba inayoanzia 620 unaonyesha tu kwamba namba imetolewa Tanzania, hausemi nyuki walikuwa wapi.

Ukitaka jibu la uhakika

Kuna kimoja zaidi unaweza kufanya nyumbani, kama unahisi imewekwa unga ili iwe nzito. Kijiko kimoja cha asali kwenye nusu kikombe cha maji, chemsha, acha ipoe kabisa, dondoshea matone mawili matatu ya aidini ya kupaka vidonda. Ikigeuka bluu nyeusi kuna wanga humo. Isipogeuka umejua tu kwamba hamna unga, shira haionekani hapa.

Zaidi ya hapo ni maabara. Wanaangalia kiasi cha sukari ya kawaida, ambayo kwenye asali nyingi haitakiwi kuzidi gramu 5 kwa kila 100, na wana kipimo cha kaboni kinachotambua sukari ya muwa na ya mahindi kwasababu mimea hiyo inatengeneza chakula chake tofauti na miti inayotembelewa na nyuki. Hata hicho kina upofu wake, shira ya mchele inaweza kukipita.

Kama ni bidhaa ya dukani yenye lebo na umeshapima ikaonyesha 1.33, usiimalize. Acha nusu kwenye chupa yake mwenyewe na kifuniko chake, piga picha lebo pande zote bechi na tarehe zionekane, tunza risiti, peleka ofisi ya TBS Kanda ya Kusini hapa Mtwara mjini. Ukipeleka asali uliyoimimina kwenye kopo la siagi hawana cha kuifungamanisha na mzalishaji. Ya dirishani kwenye basi kama ya wifi haina pa kupelekwa, yeye kaimalizia kwenye kaimati, na sasa akitaka asali anaenda na chupa yake tupu ya lita moja aliyoshaipima, anamwambia muuzaji ajaze hapo hapo mbele ya mizani ya duka, ikifika kilo moja na mia nne na kidogo ya chupa ndo anatoa hela.